Chuma Kilichobaki Njiani

Mkamwana wangu alikuwa na mimba ya wiki 21 nilipovikuta vidonge vyake nyuma ya ndoo ya unga. Kliniki walikuwa wamempa 60 vya mwezi mmoja, viwili kwa siku, kwa sababu damu yake ilipimwa ikawa 8.9, na mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 11. Mwezi ulikuwa umeisha. Nilivihesabu kitandani kwake, vikawa 41. Alikuwa amemeza 19, yaani siku tisa na nusu, kisha akaacha.

Nimefanya ukunga zaidi ya nusu ya maisha yangu, na najua mtu anayeficha vidonge si mvivu. Kuna kitu kimemtisha. Nikamuuliza pole pole, akaniambia. Siku ya tatu choo kilitoka cheusi kama masizi ya sufuria. Siku ya tano hakikutoka kabisa. Na kila asubuhi, nusu saa baada ya kumeza, mate yalimjaa mdomoni na moyo ukamchafuka. Jirani akamwambia lake, shangazi yake lake, kijana wa duka la dawa naye lake. Maneno yao niliyatambua, maana ndiyo yale yale niliyokuwa nikiyasikia kwenye mabenchi ya kliniki. Hayasemwi kwa nia mbaya, na baadhi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Nayajibu hapa moja moja, kama nilivyomjibu yeye.

“Choo cheusi ni damu inayovuja tumboni.”

Hili ndilo lililomfanya aache, na hofu yake ilikuwa na msingi. Damu ikivuja kwenye tumbo la chakula, tuseme kwenye kidonda, hufika chooni ikiwa nyeusi. Asidi ya tumbo na bakteria wa utumbo huugeuza wekundu wake njiani. Kwa hiyo weusi peke yake hautoshi kumtuliza mtu wala kumtisha. Inabidi kujua weusi wa kidonge unatoka wapi.

Kidonge cha chuma kikimezwa huyeyuka tumboni, na chuma huteremka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo ndipo mlango wa kuingilia mwilini ulipo, kipande kifupi tu cha utumbo. Sehemu ndogo hupita mlango huo. Inayobaki, ambayo ni kubwa zaidi, huendelea na safari pamoja na mabaki ya chakula mpaka utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria wengi ambao, katika kazi yao ya kuozesha mabaki, hutoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Chuma na gesi hiyo vikikutana huungana, na kinachozaliwa ni salfaidi ya chuma, kitu cheusi. Ndiyo rangi anayoiona mtu chooni. Hakuna tone la damu ndani yake. Huanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, na mtu akiacha vidonge hutoweka siku chache baadaye, utumbo ukishasafisha kilichobaki.

Namna ya kutofautisha ipo, na haihitaji mashine. Choo cha vidonge ni cheusi lakini kina umbo lake la kawaida, au ni kigumu zaidi, na haking’ai. Kikisambaa kidogo, mara nyingi utaona ule weusi ni kijani kilichokolea sana. Harufu yake ni ile ile ya siku zote. Choo chenye damu kutoka juu ni kingine kabisa: laini, kinanata kama lami ya barabara ya moto, kinang’aa, na kina harufu nzito ya ajabu ambayo muuguzi akiisikia mara moja haisahau. Mwenye nacho mara nyingi ana mengine pia, kama kizunguzungu akisimama, mapigo ya moyo ya haraka, maumivu juu ya kitovu, au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa.

Lakini nisiishie hapo, maana kuna watu ambao vidonge vinaweza kuwafichia hatari. Mtu mwenye historia ya vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kila mara, anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja: chuma kinachotia weusi, na kidonda kinachovuja chini ya weusi huo huo. Rangi haitamsaidia. Kwake yeye dalili ya kuangalia ni ule mnato na mng’ao, ule uchovu unaozidi, na zaidi ya yote kipimo cha damu kinachoshuka wakati anameza vidonge sawasawa. Huyo aende kituoni siku hiyo hiyo.

Mkamwana wangu hakuwa na lolote katika hayo. Nilimuuliza swali moja, kama choo kilikuwa kikinata. Akacheka kwa aibu, akasema hata kutoka kilikuwa hakitoki.

“Kama chuma kinatoka chooni, basi dawa haifanyi kazi.”

Jirani alikuja na hili baada ya la kwanza kukataliwa. Ni kweli kabisa kwamba weusi ule ni chuma ambacho hakikuingia. Kosa liko kwenye hitimisho.

Tofauti na chumvi au maji, chuma hakina njia ya kutokea kikizidi mwilini. Figo haziitoi ziada yake. Kwa siku mtu mzima hupoteza miligramu moja hadi mbili tu, kwenye seli za ngozi na utumbo zinazopukutika, na mwanamke hupoteza zaidi kwa hedhi. Kwa kuwa mlango wa kutokea haupo, mwili unalinda ule wa kuingilia. Unaruhusu kidogo, kulingana na haja. Mlinzi wa mlango ni homoni iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini. Ikipanda, seli za utumbo hukizuia chuma kupita kwenda kwenye damu, na ikishuka hukiachia.

Kidonge cha kliniki zetu, kile chekundu chenye chuma na asidi ya foliki ndani yake, kwa kawaida hubeba miligramu 60 za chuma halisi. Mwenye upungufu anaweza kuchukua kiasi cha sehemu moja katika kumi, au mbili, kama kakimeza vizuri. Tuseme ni miligramu sita hadi kumi na mbili. Inaonekana haba, lakini mimba nzima, kuanzia mtoto, kondo la nyuma, damu ya ziada ya mama hadi damu itakayotoka wakati wa kujifungua, inadai kama gramu moja ya chuma. Gawa gramu hiyo kwa miezi iliyobaki, utaona miligramu sita kwa siku ni msaada mkubwa. Zile hamsini zinazopita si hasara ya dawa. Ndizo bei ya kupata zile sita.

Na ndizo pia chanzo cha malalamiko yote matatu. Nilimwomba mkamwana wangu akumbuke jambo hili moja tu, kwamba chuma kilichoingia hakimsumbui, kinachomsumbua ni kilichobaki njiani. Kikiwa tumboni kinachafua moyo. Kikiwa utumbo mpana kinatia weusi na kinaweza kukausha choo. Kwa kuwa maudhi yanatokea sehemu tofauti za njia moja, kila udhi lina dawa yake.

“Choo kinafunga kwa sababu hunywi maji.”

Lawama hii huwaumiza sana wanawake, kwa sababu inawageuza wao kuwa kosa. Mkamwana wangu alikuwa akinywa maji mpaka analala akiamka kwenda haja ndogo usiku kucha, na bado choo kilikuwa kama kokoto.

Chuma chenyewe kina mchango, na umepimwa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio 43 yaliyohusisha watu wazima karibu 7,000, na kuwalinganisha waliomeza chuma cha aina hii, ferasi salfeti, na waliomeza kidonge kitupu bila kujua, au waliopewa chuma kwa mshipa. Uwezekano wa kuudhiwa tumboni kwa waliomeza chuma ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Lakini hata waliomeza kidonge kitupu wapo waliolalamika kufunga choo, maana watu hufunga choo kwa sababu nyingi. Jambo hilo halimaanishi wanaolalamika wanajifanya. Linamaanisha kwamba si kila choo kigumu cha mtu anayemeza vidonge ni cha vidonge.

Namna chuma kinavyofanya hivyo bado ni eneo la utafiti, ila kuna mambo yanayojulikana. Chuma ni chakula cha baadhi ya bakteria. Kikifika kwa wingi utumbo mpana, wale wanaokipenda huongezeka na wale wapole wanaoishi bila kukihitaji sana hupungua. Mabadiliko hayo yalionekana wazi kwa watoto wachanga wa Kenya waliopewa unga wenye chuma kwenye uji wao, katika utafiti uliochapishwa mwaka huo huo wa 2015. Kundi la vijidudu likibadilika, gesi zinazotengenezwa hubadilika, na mwendo wa utumbo nao unaweza kubadilika. Ukipungua, mabaki hukaa muda mrefu zaidi kwenye utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji. Yakikaa sana, hukauka. Kwa wengine mambo huenda kinyume: vidonge vile vile huwaharisha. Kwa hiyo anayesema chuma lazima kifunge choo naye anakosea.

Sasa ongeza mimba. Homoni ya projesteroni, inayolegeza misuli ya mji wa mimba ili mtoto atulie, hailegezi mji wa mimba peke yake. Misuli ya utumbo nayo hulegea na kusukuma taratibu, na mji wa mimba unaokua huukandamiza utumbo kwa uzito wake. Mjamzito anayeanza vidonge ana sababu tatu za kufunga choo kabla hatujagusa habari ya maji. Maji yanasaidia, sikatai. Bila maji nyuzinyuzi za mboga hazifanyi kazi. Lakini kumwambia mwanamke “kunywa maji” na kumwacha hapo si kumtibu.

Yaliyosaidia nyumbani kwetu yalikuwa haya. Asubuhi, glasi mbili za maji ya uvuguvugu kabla ya kitu chochote, kisha kwenda chooni baada ya kifungua kinywa hata kama hajisikii, kwa sababu utumbo mpana huamka chakula kinapoingia tumboni. Papai lililoiva, parachichi, mchicha na kisamvu kila siku, na dona badala ya sembe. Kutembea jioni hadi sokoni na kurudi. Baada ya siku sita hapakuwa na nafuu ya kutosha, kliniki wakampa laktulosi, ile dawa tamu ya maji, ambayo huvuta maji ndani ya utumbo na haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kumfikia mtoto. Siku ya pili akaniita kwa sauti ya furaha kutoka uani.

Shangazi yake alikuwa ameshapendekeza mafuta ya nyonyo. Nilikataa kwa nguvu, na ninakataa hapa pia. Mafuta hayo huusukuma utumbo kwa ukali na yanaweza kuuchokoza mji wa mimba ukaanza kubana. Wanawake wa zamani waliyatumia kuharakisha uchungu, na hiyo peke yake ingetosha kutuonya tusimpe mwenye mimba ya miezi mitano.

“Ukichefukwa, mwili umeikataa dawa. Au kimeze na chai ya maziwa, kitatulia.”

Haya ni madai mawili, lakini nimeyasikia yakitoka kinywa kimoja kwa pumzi moja, kwa hiyo nayajibu pamoja.

Mwili haukikatai chuma. Kichefuchefu cha vidonge ni cha ukuta wa tumbo, si cha damu. Kidonge kikiyeyuka, chuma hujaa sehemu moja ndogo ya ukuta ule, na chuma kwa wingi kiasi hicho huwasha ngozi laini ya ndani ya tumbo. Kwa watu wachache hufika hata kuuchubua. Tumbo likichokozwa hivyo hutuma habari kwenye ubongo, nao hujibu kwa kichefuchefu. Ndiyo maana huanza mapema, ndani ya saa moja hivi, na ndiyo maana dozi ikizidi nacho huzidi. Ukichefukwa kutwa nzima, hata siku ambayo hukumeza, basi si kidonge. Inaweza kuwa mimba yenyewe, ambayo kichefuchefu chake huwa kikali miezi ya kwanza na kwa wengi hutulia kabla ya wiki ya 20. Inaweza pia kuwa malaria, na kwetu hilo halisahauliki.

Chai ya maziwa inatuliza kweli. Tatizo ni namna inavyotuliza. Majani ya chai yana vitu vinavyokikamata chuma na kukifunga kisipite mlangoni. Maziwa yana kalisi, nayo hukizuia pia. Kahawa ni ndugu wa chai katika hili. Ukimeza kidonge na kikombe cha chai ya maziwa, umepunguza kuwashwa kwa tumbo, lakini umempa mlinzi wa mlango wasaidizi wawili. Kiasi kinachoingia kinaweza kushuka chini ya nusu ya kile ambacho kingeingia. Na kile kisichoingia kinakwenda wapi? Kinashuka utumbo mpana, kuongeza weusi na ukavu. Mtu ametibu juu, ameharibu chini.

Hivyo ndivyo mkamwana wangu alivyokuwa akifanya. Alimeza vidonge vyote viwili saa moja asubuhi, kwa mkupuo, na chai ya maziwa, kwa kuwa ndivyo alivyomwona dada yake akifanya. Miligramu 120 mahali pamoja, kwa wakati mmoja, pamoja na vizuizi. Hapakuwa na njia mbaya zaidi ya kuvimeza, na hakuna aliyemwambia. Kwenye karatasi kulikuwa kumeandikwa “2 kwa siku” basi.

Tulivitenganisha. Kwa ridhaa ya kliniki, wiki ya kwanza alimeza kimoja tu, usiku, saa mbili baada ya chakula cha jioni. Kichefuchefu kingekuja kingemkuta amelala. Alimeza na glasi nzima ya maji, kisha akakaa nusu saa kabla ya kujilaza, kwa sababu kidonge kikikwama kwenye koo la chakula huchubua pale pale, na maumivu yake kifuani ni ya kutisha. Wiki ya pili akaongeza cha pili saa nne asubuhi, katikati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, na chungwa moja. Vitamini C ya chungwa hukiweka chuma katika hali rahisi ya kupita. Kiasi kilichomo katika tunda kinatosha, na wanaomeza vidonge vizito vya vitamini C kwa ajili hiyo hawapati faida kubwa zaidi. Chai alihamishia saa kumi jioni.

Kuna watu ambao hata kwa utaratibu huo hawavumilii. Hao ni bora wameze pamoja na chakula kidogo, kama ndizi moja na kipande cha muhogo, wakubali kupoteza sehemu, kuliko kuacha kabisa. Nusu ya kitu inaingia. Kidonge kilichofichwa nyuma ya ndoo ya unga hakiingizi chochote.

“Meza vingi zaidi upone haraka.”

Kijana wa duka la dawa ndiye aliyesema, na bila shaka alitaka kusaidia. Hapa yule mlinzi, hepsidini, anarudi. Chuma kingi kikiingia kwa mara moja, ini hupandisha hepsidini, nayo hukaa juu kama siku nzima. Dozi inayofuata ikija ndani ya muda huo inakuta mlango umebanwa. Watafiti wa Uswisi walilipima hili kwa wanawake vijana wenye akiba ndogo ya chuma, na matokeo yao ya 2015 hayana mzunguko: dozi ilipopandishwa mara sita, kutoka miligramu 40 hadi 240, chuma kilichoingia kiliongezeka mara tatu tu, kutoka karibu 7 hadi 18. Zilizobaki, zaidi ya 220, zilipita kwenda kule kule tunakokujua.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine iliyofuata mwaka 2017, madaktari wengi sasa huwapa wagonjwa wanaoudhiwa kidonge kimoja siku moja, wakapumzika siku moja. Kila kidonge huingiza zaidi, na utumbo hupata nafasi ya kupumua. Nina neno la tahadhari, hata hivyo. Wale wanawake wa Uswisi hawakuwa wajawazito. Mimba ikisonga mbele, mwili wa mama wenyewe huishusha hepsidini ili mtoto apate, na muda ni mfupi. Mjamzito mwenye 8.9 asijipunguzie dozi kwa kusoma makala. Apeleke hoja hiyo kliniki. Wakiona haiwezekani kwa mdomo, na mimba imevuka miezi mitatu ya kwanza, chuma cha kuingizwa kwa mshipa kipo, nacho hakipiti utumboni hata kidogo, kwa hiyo hakitii weusi wala hakikaushi choo.

Na kabla ya kuongeza kitu, soma pakiti. Namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni uzito wa chumvi yote ya dawa, si wa chuma. Miligramu 60 za chuma zinaweza kuandikwa 300 za ferasi salfeti, au 180 za ferasi fumareti, au 500 za ferasi glukoneti. Nimekutana na mama aliyeacha cha 180 akanunua cha 500 akidhani ni kikali mara tatu. Chuma kilikuwa kile kile, na aliongeza fedha tu.

“Nunua vile vyenye ganda maalumu, havisumbui.”

Havisumbui tumbo, kweli, kwa sababu ganda lile halivunjiki tumboni. Hufunguka mbele zaidi, mara nyingi likishapita kile kipande kifupi cha utumbo chenye mlango. Kinachopungua ni udhi pamoja na dawa yenyewe. Kwa mwenye upungufu wa damu ni biashara mbaya.

“Ni vya kuongeza damu tu, haviwezi kumdhuru mtu.”

Hili sikulisikia kwa mkamwana wangu. Nililiona. Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na miezi miwili, kilo kumi, alikuwa ameketi sakafuni pale pale, hatua mbili kutoka kwenye ndoo ya unga, na vidonge vyenyewe ni vyekundu, vina sukari juu, vinang’aa kama peremende.

Kile kinachomchefua mtu mzima kwa miligramu 60 kinaweza kumuua mtoto kwa dozi ya kiganja. Hatari huanza pale chuma kinapopita miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa mjukuu wangu hivyo ni vidonge vinne. Kumi vingefika miligramu 60 kwa kilo, kiwango cha kutishia uhai. Mtoto hutapika, huharisha, pengine damu, kwa kuwa ule ukuta wa tumbo unachubuka vibaya. Kisha, baada ya saa kadhaa, hutulia, anaweza hata kucheza. Utulivu huo umewadanganya wazazi wengi. Chuma kimeshaingia kwenye damu, na siku inayofuata moyo na ini huanza kushindwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mkaa wa dawa unaotumiwa kwa sumu nyingine haukamati chuma. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti, ili wahesabu vilivyobaki. Asisubiriwe kutapika, wala asirudishwe nyumbani kwa kuwa ametulia.

Kwa hiyo kabla ya maji, papai na machungwa, tulianza kwa kupigilia rafu ndogo juu ya mlango wa chumba.

Alipopimwa wiki ya 26 damu ilikuwa 10.1. Wiki ya 30 ilikuwa 11.2, kliniki wakamrudisha kwenye kidonge kimoja kwa siku. Choo kilikuwa bado cheusi. Safari hii aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hakinati.